Somo: Kugeuza joho jeusi kuwa la damu ya mzee kwenye picha ya mahafali

Mhitimu amepigwa picha studio akiwa na joho jeusi la kuazima, lakini chuo chake kinavaa damu ya mzee. Kazi hii naletewa mara nyingi, na wengi huiharibu palepale mwanzoni: wanafungua Hue/Saturation, wanasogeza Hue huku na huku, joho linabaki jeusi tii. Nyeusi haina rangi ya kuzungusha. Inabidi kwanza uipe mwanga, ndipo uitie rangi. Nitatumia Photoshop, na nitaeleza joho na kofia tu, maana ndipo penye kazi.

1. Tafuta rangi, kisha ujue mwanga wake

Usichukue rangi kwenye nembo ya chuo. Rangi ya nembo imetengenezwa kwa ajili ya karatasi, na kitambaa huwa kimepoa zaidi. Tafuta picha ya joho lenyewe, lililopigwa kwenye mwanga laini, kisha chukua rangi katikati ya mkunjo, si kwenye kivuli wala kwenye mng'ao. Eyedropper iwe 11 by 11 Average, kwa sababu nukta moja itakudanganya.

Tuseme umepata #6B1426, yaani R 107, G 20, B 38. Sasa piga hesabu hii ndogo:

```
0.3 × R + 0.59 × G + 0.11 × B
```

Jibu ni 48. Hicho ndicho kiwango cha mwanga ambacho joho jeusi linatakiwa kufikia ili rangi hiyo itokee ilivyo. Rudi kwenye picha yako, fungua Info, pima katikati ya mikunjo ya joho. Kwenye picha niliyonayo hapa ni 22. Safari yetu basi ni kutoka 22 hadi 48. Ukiruka hesabu hii utakuwa unabahatisha, na wateja watatu wa chuo kimoja watapata majoho matatu tofauti.

2. Chora mipaka

Joho liwe kundi lake lenye mask yake, na kofia kundi lake. Object Selection italikamata joho vizuri pale linapopakana na mandhari ya nyuma. Shati, tai na mikono itakubidi uisafishe mwenyewe kwa brashi.

Kofia ndiyo mtihani. Nywele nyeusi chini ya kofia nyeusi: programu haioni mpaka, na hata jicho lako halioni. Weka Curves ya muda juu ya kila kitu, inyanyue sana mpaka picha iwe mbaya ya kuchusha. Hapo ndipo utauona ukingo wa kofia, na mshono wake, na nywele zinazochungulia. Chora ukingo huo kwa Pen, ugeuze kuwa mask, uulainishe kwa Feather ya pikseli 1, kisha ufute Curves ya muda. Nywele zilizopita juu ya kitambaa zirudishe moja moja kwa brashi nyeusi ya pikseli 2 au 3 kwenye mask.

Usiharakishe hapa. Niliwahi kukabidhi picha iliyosafishwa nusunusu, na mama wa mhitimu akaniuliza kwa nini nywele za mwanawe zina wekundu juu ya sikio. Alikuwa ameiona kwenye simu, kwa mbali.

3. Nyanyua mwanga, kisha tia rangi

Ndani ya kundi la joho weka Curves. Nukta moja: Input 22, Output 48. Ukiacha hivyo tu, vivuli navyo vitapanda na joho litaonekana limepauka kama lililofuliwa mara mia. Ongeza nukta ya pili chini kabisa, Input 8, Output 12, ili sehemu za ndani za mikunjo zibaki na giza lake.

Juu ya Curves weka Solid Color ya #6B1426 na ubadilishe mode iwe Color. Joho litageuka hapohapo. Pima tena katikati ya mkunjo. Namba zikikaribia 107, 20, 38, uko sawa.

4. Kofia ina kipimo chake

Usinakili Curves ya joho. Kofia mara nyingi ni ya kitambaa kingine, kigumu kisicho na mng'ao, na bapa la juu linapokea taa kuliko kitu chochote kwenye picha. Chagua sehemu mbili zinazopata mwanga unaofanana: ukanda wa kofia unaozunguka kichwa, na bega la upande huohuo. Rekebisha Curves ya kofia mpaka sehemu hizo mbili zisomeke karibu sawa. Bapa liache lipande lenyewe.

Kishada, zile nyuzi zinazoning'inia, kitoe kwenye mask zote mbili. Kama ni cha dhahabu na unataka kijani, hapo Hue/Saturation inatosha, kwa kuwa tayari kina rangi yake.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, nimefuata yote, ila pale joho linapong'aa begani pametokea waridi, kama plastiki.

Jibu: Mng'ao wa kitambaa hubeba rangi ya taa zaidi kuliko rangi ya kitambaa, na Color imeupaka nao. Bofya mara mbili pembeni ya jina la tabaka la Solid Color, si kwenye kijipicha chake, nenda Blend If, mstari wa Underlying Layer. Shika Alt, upasue kishale cheupe, nusu moja ipeleke 110 na nyingine 170. Waridi litayeyuka taratibu bila kuacha alama.

Swali: Langu lilikuwa la bluu na nataka kijani. Nalo nilinyanyue?

Jibu: Pima kwanza, ndugu yangu. Bluu ina rangi, kwa hiyo Solid Color itakaa hata bila Curves endapo mwanga unalingana. Tatizo lako liko kwingine: angalia chini ya kidevu na kwenye kola ya shati. Joho la bluu limerudisha bluu hapo, na ukiiacha itakusuta. Weka tabaka jipya la Color, chukua rangi ya ngozi ya shavuni, pitisha brashi laini chini ya kidevu, Opacity isizidi asilimia 20. Kwenye kola punguza Saturation ya bluu tu.

Swali: Na joho jeusi kwenda njano, kama #F2C230?

Jibu: Fanya ile hesabu: inatoka 192. Kutoka 22 hadi 192 ni kuvuta karibu mara tisa, na chembechembe zote zilizojificha gizani zitavutwa pamoja na kitambaa. Kama ni JPEG iliyotumwa kwa WhatsApp utaona vijumba vya mraba kifuani. Ukiwa na RAW unaweza kupandisha Exposure kabla na kupata nafuu, lakini kwa njano mimi siipokei kazi hiyo. Napiga picha joho la njano kwenye taa ileile, pembe ileile, kisha nahamisha kichwa.

Swali: Joho langu lina nembo ya chuo kingine kifuani. Rangi imekubali, nembo imebaki.

Jibu: Ifute kabla ya hatua ya tatu, joho likiwa bado jeusi. Kwenye nyeusi, kiraka cha Clone Stamp hakionekani kirahisi. Ukisubiri hadi liwe damu ya mzee, kila kosa litapanda pamoja na mwanga. Ukimaliza, weka tena Curves ya muda kama ile ya hatua ya pili, ukague kiraka, kisha uifute kabla ya kuendelea.