Kabla hujataja jina la kwezi uliyempiga picha kivulini

Kuna kwezi wawili wa mbugani wanaochanganywa kila mara pichani, hasa kaskazini mwa Tanzania na kusini mwa Kenya: Lamprotornis superbus na Lamprotornis hildebrandti. Wote wana mgongo wa buluu unaometameta na tumbo la hudhurungi nyekundu. Juani hutofautishwa kwa kutupa jicho tu. Superbus ana mstari mweupe kati ya kifua cha buluu na tumbo, manyoya meupe chini ya mkia, na jicho jeupe kama maziwa. Hildebrandti hana mstari huo, chini ya mkia wake ni hudhurungi, na jicho lake ni la rangi ya chungwa iliyokolea. Shida huanza akiwa chini ya mgunga, au mwanga ukiwa nyuma yake.

La kwanza kuzingatia ni kwamba rangi za ndege mmoja hazitokani na kitu kimoja. Buluu ya kwezi haimo kwenye unyoya kama rangi ya kupaka. Inazaliwa pale mwanga unapogonga tabaka nyembamba za chembe za melanini na kurudi kwenye macho yetu kwa pembe fulani. Mwanga usipomfikia kwa pembe hiyo, kwezi huyohuyo anaonekana mweusi tii. Kwa hiyo usiseme “huyu ni mweusi, basi ni spishi nyingine”, wala usihesabu zambarau au kijani unachokiona mgongoni. Hudhurungi ya tumbo ni rangi halisi iliyomo kwenye unyoya, nayo huvumilia kivuli vizuri zaidi.

Nyeupe ndiyo inayodanganya kuliko zote, kwa sababu inapokea rangi ya chochote kilicho karibu. Chini ya majani mabichi huelekea kijani, kwenye kivuli kilicho wazi kwa anga huelekea buluu, na juu ya udongo mwekundu sehemu za chini za ndege hupakwa rangi ya udongo huo. Hapo superbus anaweza kuonekana ana hudhurungi chini ya mkia, mithili ya hildebrandti.

Tuseme una picha ya kwezi huko Tarangire, ametua tawi la chini kando ya barabara ya udongo mwekundu, na anga jeupe liko nyuma yake. Anza na faili la awali lililotoka kwenye kamera, la RAW kama lipo, maana picha iliyopita kwenye simu za watu wawili watatu imeshabanwa na vivuli vyake vimepoteza taarifa. Pandisha mwanga wa sehemu zenye giza taratibu. Zikianza kutoa chembechembe za rangi, simama. Rangi hizo zimetengenezwa na kamera. Utepe wa zambarau au kijani ukingoni mwa ndege, pale anapopakana na anga, nao ni kazi ya lenzi.

Sasa geuza nakala moja iwe nyeusi na nyeupe, kisha linganisha tumbo na manyoya ya chini ya mkia mahali yanapokutana. Sehemu hizo zinapata mwanga unaokaribiana. Zikilingana kwa mwangaza, huenda chini ya mkia ni hudhurungi kweli. Kwenye picha yetu, chini ya mkia ni peupe zaidi kuliko tumbo kwa kiasi kikubwa, ingawa pale mwanzo palionekana pa chungwa. Basi ni weupe uliopakwa na udongo. Fanya hivyohivyo kwa jicho: la superbus hutoka jeupe kabisa, la hildebrandti hubaki kijivu cha kati. Angalia usichukue nukta ya mng'ao wa anga kuwa ndiyo rangi ya jicho. Tazama duara lote linalozunguka mboni.

Mstari wa kifuani uache mwisho. Ni mwembamba, na kwezi aliyejikunyata huuficha. Zaidi ya hapo, kinda wa superbus ana jicho jeusi, na mstari wake huwa hafifu au haupo. Ukiona jicho jeusi na manyoya yaliyofifia, tegemea chini ya mkia kuliko jicho.

Kama bado uko porini, gusa kitufe chenye alama ya +/− na uongeze mwanga hatua moja hadi mbili. Anga litaungua na kuwa jeupe tupu, ndege atabaki na maelezo. Kisha endelea kupiga anapogeuka, na hasa anaporuka: chini ya bawa la superbus ni peupe, la hildebrandti ni hudhurungi. Picha moja ya bawa lililofunuliwa, hata ikiwa na ukungu kidogo, ina thamani kuliko kumi za mgongo. Ukikosa bawa, jicho na chini ya mkia, andika Lamprotornis sp., yaani kwezi ambaye spishi yake haijajulikana, na uiache picha hivyo.