Hatari ya kutonakili data: mtajie mteja pengo lake

Ukimwandikia mwenye duka la dawa kuhusu huduma ya kunakili data, acha "mtapoteza kila kitu". Mtajie pengo lake, yaani siku ambazo hazina nakala, hivi: "Mlisema nakala ya mwisho ni ya Ijumaa. Diski ikifa Alhamisi jioni, mauzo ya tangu hapo mtayaingiza upya kutoka kwenye risiti. Ya nyuma yatarudi, mradi nakala hiyo inafunguka." Hasara anaipima mwenyewe, na kwa kuwa umetaja pia kitakachosalimika, anakuamini. Kama hujui tarehe ya nakala, uliza kwanza; pengo la kukisia hugunduliwa haraka. Lakini diski ikishaanza kutoa sauti ya kugonga au mafaili kugoma kufunguka, mwambie waziwazi anakili leo hii, hata kama atashtuka.