SOMO: Kugawana bili ya maji kwa wapangaji hadi jumla itimie

Nimechoka kujibu swali hili kila mwisho wa mwezi, naliweka hapa mara moja. Mfano ni bili yetu: sh 47,000, mita moja, vyumba vinne. Chumba A kina mtu 1, B watu 2, C watu 2, D watu 4.

1. Hesabu vichwa: 9.

2. Gawa: 47,000 ÷ 9 = 5,222.22.

3. Zidisha kwa watu wa kila chumba: A 5,222.22, B na C 10,444.44 kila kimoja, D 20,888.89.

4. Ondoa senti. Hapa ndipo nilipoharibu kwa miezi kadhaa. Nilikuwa napeleka kila fungu kwenye mia iliyo karibu: 5,200, 10,400, 10,400, 20,900. Ukijumlisha unapata 46,900. Ile mia haina mwenyewe, nikawa naitoa mfukoni. Mwezi mwingine ikazidi, jirani akauliza chenji iko wapi, sikuwa na jibu. Iliniuma, maana sikula hela ya mtu. Na msipandishe wote juu "kwa usalama": hapo mtachanga 47,200.

Fanya hivi: shusha wote hadi mia kamili: 5,200, 10,400, 10,400, 20,800. Jumla 46,800, zimebaki 200. Mia ya kwanza inakwenda kwa aliyepunguziwa zaidi. D alipunguziwa 88.89, kwa hiyo analipa 20,900. B na C wamelingana, basi wapokezane: safari hii B alipe 10,500, ikitokea tena C.

5. Jumlisha upya kabla ya kutuma kwenye grupu: 5,200 + 10,500 + 10,400 + 20,900 = 47,000. Linganisha na karatasi ya bili yenyewe, si namba uliyoikariri.

MASWALI

Mpangaji_Tabata: Si mgawe kwa nne tu yaishe?

Mwandishi: Mtu mmoja alipe 11,750 sawa na chumba cha watu wanne? Rudia hatua ya 1.

Kijana wa Ghetto: Kwangu haitimii, nimekosea wapi?

Mwandishi: Hujaweka namba hata moja. Ziweke.

MamaWawili: Samahani kaka, D akipata mgeni wa siku 10 inakuwaje?

Mwandishi: Swali zuri, dada. Hesabu siku badala ya vichwa. Mwezi wa siku 30, watu 9 ni siku 270. Ongeza 10 za mgeni, 280. D ana siku 130, kwa hiyo fungu lake ni 47,000 × 130 ÷ 280 = 21,821.43. A ana 30, B na C 60 kila mmoja. Kisha endelea na hatua ya 4 vilevile.

MamaWawili: Nimeelewa kabisa. Na LUKU?

Mwandishi: Umeme usigawe kwa vichwa kama kuna mwenye friji na wengine hawana, kubalianeni fungu lake kwanza. Halafu kuna kodi ya majengo inayokatwa humo tangu 2021. Hiyo ni ya mwenye nyumba. Tunzeni risiti, mumdai kwenye kodi ya pango.

Fundi Mita: Kama mnaweza, fungeni mita ndogo kila chumba. Ila jumla yake ikiwa pungufu sana ya mita kubwa, kagueni bomba linalovuja kabla ya kushikana mashati.