Jinsi ya kuondoa ofa ya kazi iliyokwisha kukubaliwa: mwongozo kwa waajiri wa Nairobi

Ofa ambayo mtu hajaijibu huondolewa kwa barua ya mistari miwili, na kwa kawaida mambo huishia hapo. Mwongozo huu ni wa hali ngumu zaidi: mtu ametia sahihi, amerudisha nakala, na pengine ameshajiuzulu alikokuwa. Kwa sheria ya mikataba ya Kenya, ofa ikikubaliwa bila masharti mkataba umefungwa, hata kama siku ya kuripoti haijafika. Kuiondoa hapo ni kuvunja mkataba, isipokuwa kama kuna sharti lililoandikwa ambalo halikutimizwa.

Hatua ya 1: Soma upya barua mliyompa

Tafuta masharti. Tangu Sheria ya Ajira irekebishwe mwaka 2022, mwajiri hapaswi kumdai mwombaji vyeti vya kibali, kama kile cha tabia njema cha DCI au cha kodi cha KRA, kabla hajakusudia kuingia naye mkataba. Ndiyo maana siku hizi vyeti huja baada ya ofa. Marekebisho hayo pia yanamruhusu mwajiri kuondoa ofa ikiwa mahitaji hayakutimizwa.

Hata hivyo, tofautisha cheti kilichochelewa na cheti kilichokosekana. Kama alama za vidole zimeshachukuliwa na risiti ya eCitizen ipo, mwongezee siku kwa maandishi. Na KNEC wakijibu kwamba hawana matokeo kwa jina mliloleta, mwulize mhusika kwanza. Mara nyingine jina lilibadilika kwenye kitambulisho, au namba ya mtihani imeandikwa vibaya. Mpe siku chache ajibu kwa maandishi kabla ya kuamua lolote.

Hatua ya 2: Ipime sababu yenu

Cheti cha kughushi kilichothibitishwa na aliyekitoa kinatosha. Kumpata mwombaji mwingine mzuri zaidi hakutoshi. Fununu kutoka kwa mtu aliyewahi kufanya kazi naye hazitoshi pia, hata mkurugenzi akiziamini vipi.

Kuna sababu ambazo ni hatari kabisa. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira kinamlinda hata anayeomba kazi dhidi ya ubaguzi wa kabila, dini, jinsia, ulemavu, ujauzito au hali ya HIV, na mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua. Mtu akiwaarifu Jumatatu kwamba ni mjamzito, kisha Ijumaa nafasi "ikafutwa", mtahitaji karatasi zinazoonyesha kwamba uamuzi ulifanywa kabla ya Jumatatu. Kama hazipo, acheni.

Inayosumbua kuliko zote ni sababu ya kibiashara. Chukua mfano wa kampuni ya usafirishaji Industrial Area iliyomwajiri mhasibu kutoka Nakuru kwa shilingi 120,000 kwa mwezi, aanze tarehe 1. Tarehe 12 ya mwezi uliotangulia, mteja mkubwa anaondoka na kazi ya mhasibu wa pili haipo tena. Sababu ni ya kweli, ila haikuwa sharti kwenye barua ya ofa. Kampuni inaweza kuondoa ofa, lakini itawajibika kwa hasara inayotokana na hatua hiyo.

Kabla ya kufika huko, angalieni kama anaweza kuanza baada ya miezi miwili, au kushika nafasi nyingine iliyo wazi kweli. Kuna ushauri mmoja unaosikika sana mjini: mwache aripoti, kisha mwachishe akiwa kwenye majaribio kwa notisi ya siku 7. Kwa mshahara huu hiyo ni shilingi 28,000 tu, kwa hiyo mkuu wa fedha ataupenda. Ni ushauri mbaya. Utamfanya aache kazi ya Nakuru, alipe amana ya nyumba Nairobi, kisha apoteze vyote, na barua pepe zenu zitaonyesha mlijua tangu tarehe 12.

Hatua ya 3: Piga simu kabla ya kuandika

Piga siku ileile uamuzi unapofikiwa, asubuhi, si Ijumaa jioni. Apige yule aliyemfanyia usaili au mkuu wake mtarajiwa. Usimwachie karani. Habari itoke mwanzoni:

"Bi., habari ya asubuhi. Nina habari mbaya na sitaki kukuzungusha. Nafasi tuliyokupa haitakuwepo, kwa sababu mteja tuliyemtegemea ameondoka. Si kosa lako. Je, umeshakabidhi barua ya kujiuzulu?"

Swali hilo la mwisho ndilo linalookoa zaidi. Akiwa bado, mzuie palepale, na madhara yatakuwa madogo. Akiwa ameshaikabidhi, anaweza kumwomba mwajiri wake airudishe, ila ni lazima mwajiri huyo akubali. Uwezekano huo hupungua kila siku, maana wakishamtafuta mtu wa kushika nafasi yake hakuna kurudi. Jitoleeni kumwandikia barua ya kueleza kwamba nafasi imefutwa kwa sababu zenu, lakini aipeleke mwenyewe. Msimpigie mwajiri wake bila idhini yake.

Hatua ya 4: Hesabu malipo

Mlipwa kwa mwezi ana haki ya notisi ya angalau siku 28 au malipo badala yake, isipokuwa mkataba umetaja muda mrefu zaidi. Hiyo ni sakafu tu. Mwulize alichokwisha kutumia. Tuseme mhasibu wetu amejiuzulu, mwajiri amekataa kumrudisha, na amelipa amana ya shilingi 25,000 isiyorudishwa. Mshahara wa mwezi mmoja, 120,000, pamoja na amana hiyo, ni 145,000. Hiyo ni nafuu kuliko kesi Milimani, ambako wakili wenu peke yake anaweza kuwagharimu zaidi.

Hatua ya 5: Andika barua

Itoke siku ileile ya simu, isainiwe na mtu wa cheo sawa na aliyesaini ofa. Kiini chake kiwe hivi:

"Tunarejelea ofa yetu ya tarehe 2, uliyoikubali tarehe 5. Tunasikitika kukuarifu kwamba tunaiondoa kuanzia leo. Tumepoteza kazi ya mteja ambaye nafasi hii ilianzishwa kwa ajili yake. Uamuzi huu hauhusiani na sifa zako wala mwenendo wako. Tutakulipa shilingi 145,000, kabla ya makato yoyote ya kisheria, kwenye akaunti yako ifikapo tarehe 20."

Sababu iwe moja na iwe ya kweli. Wengi huongeza sentensi ya "na pia tulikuwa na mashaka kuhusu uzoefu wako" ili waonekane na nguvu. Sentensi hiyo ndiyo wakili wa upande wa pili ataisoma kwanza. Usiandike "tutakukumbuka nafasi ikipatikana" kama huna nia hiyo. Wala usitumie neno "kufukuzwa" au "utovu wa nidhamu", kwani barua hiyo huenda ikaombwa na mwajiri mwingine.

Mkitaka asaini kwamba hatadai zaidi, iwe karatasi tofauti, na mpeni siku kama 7 apate ushauri. Sahihi iliyopatikana kwa haraka, mtu akilia kwenye simu, haina uzito mkubwa.

Hatua ya 6: Safisha faili

Mwondoe kwenye orodha ya mishahara. Futa nakala za kitambulisho na PIN ya KRA mara tu msipozihitaji tena, na namba ya akaunti baada ya kumlipa, kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Barua za ofa, kukubali na kuondoa zitunzwe angalau miaka 3, kwa kuwa madai ya ajira yanaweza kufunguliwa ndani ya muda huo. Kisha mwonye anayeshughulikia matangazo ya kazi: nafasi ya mhasibu isitangazwe tena wiki inayofuata. Kama mteja amerudi na kazi ipo, wa kwanza kupigiwa simu ni yuleyule wa Nakuru.