Jinsi ya kumwandikia msimamizi wako unapokosea orodha ya mishahara

Mwongozo huu unahusu kosa la aina moja, kwa sababu ujumbe wa kukiri kosa hauandikiki vizuri kwa maneno ya jumla. Tuchukue karani wa uhasibu katika kampuni binafsi ya Tanzania Bara, ambaye amepewa kazi ya kuandaa orodha ya mishahara ya mwezi. Mishahara imelipwa tarehe 28. Tarehe 3 ya mwezi unaofuata, mfanyakazi mpya anakuja kuuliza kwa nini amepokea shilingi 707,000, na karani anapofungua faili anagundua kwamba mfanyakazi huyo alistahili shilingi 729,500.

Kabla ya kuandika neno lolote, hifadhi nakala ya faili kama lilivyo na usiguse lile la asili. Wengi hukimbilia kusahihisha kwanza na kueleza baadaye, na matokeo yake msimamizi hana tena njia ya kuona kilichotokea, huku marekebisho ya kimyakimya yakionekana kama jaribio la kuficha.

Kisha tafuta chanzo mpaka ukikute. Katika mfano wetu, kodi ya mapato ya ajira hukokotolewa baada ya kuondoa mchango wa mfanyakazi wa NSSF, ambao kwa kawaida ni asilimia 10 ya mshahara ghafi. Katika mistari ya wafanyakazi wa zamani, safu ya mapato yanayotozwa kodi ina fomula hii:

```
=E14-F14
```

Katika mistari 12 ya wafanyakazi wapya, karani aliandika hivi:

```
=E38
```

Mchango haukuondolewa. Kwa mshahara wa shilingi 900,000, mchango ni 90,000, hivyo kodi ilipaswa kutozwa kwenye 810,000, yaani 68,000 pamoja na asilimia 25 ya kiasi kinachozidi 760,000, ambayo ni 80,500. Badala yake ilitozwa kwenye 900,000 yote, ikawa 103,000. Kila mmoja amekatwa 22,500 zaidi, na kwa kuwa wote 12 wana mshahara uleule, jumla ni shilingi 270,000. Pitia pia mistari iliyobaki, hata ile unayoiamini, kwa sababu swali la kwanza la msimamizi litakuwa kama kosa limeishia hapo, na jibu la «nadhani» litamlazimu kuikagua kazi yote upya.

Sasa angalia kalenda. Kodi hiyo huwasilishwa TRA kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata, na leo ni tarehe 3. Maana yake ni kwamba zile 270,000 bado zimo katika akaunti ya kampuni na ritani haijatumwa. Hili ndilo jambo zito kuliko yote katika ujumbe wako, kwa kuwa kabla ya tarehe 7 kosa linasahihishwa ndani ya ofisi, na baada ya hapo litahitaji kurekebisha ritani iliyokwisha kuwasilishwa.

Mwone msimamizi ana kwa ana au umpigie simu kwanza, useme kwa sentensi mbili, kisha umwambie kwamba maelezo kamili yanakuja kwa maandishi. Si adabu mkuu wako apate habari kama hii kupitia barua pepe huku mmeketi ghorofa moja. Baada ya hapo andika, ikiwezekana ndani ya saa moja:

«Yah: Kosa la makato ya kodi kwa wafanyakazi 12 na pendekezo la marekebisho kabla ya tarehe 7

Ndugu Mhasibu Mkuu,

Salaam. Kama nilivyokueleza asubuhi hii, nilikosea katika kuandaa orodha ya mishahara ya mwezi uliopita. Sikuondoa mchango wa NSSF kabla ya kukokotoa kodi ya wafanyakazi wapya 12, na kwa sababu hiyo kila mmoja amekatwa shilingi 22,500 zaidi, jumla shilingi 270,000. Nimepitia mistari yote ya orodha na sikuona kosa hili kwingine. Fedha hizo hazijapelekwa TRA.

Napendekeza tusahihishe jedwali la kodi kabla ya kuwasilisha ritani, na wafanyakazi hao walipwe tofauti yao kwa orodha ya nyongeza tarehe 5, pamoja na hati mpya za mshahara. Njia nyingine ni kuwafidia katika mshahara ujao, lakini siipendekezi, kwa kuwa ritani ya mwezi huu itakuwa na takwimu zisizo sahihi.

Naomba idhini yako kufikia saa 6 mchana kesho, ili orodha ya nyongeza ifike benki kwa wakati. Nimeambatisha faili la awali, faili lililosahihishwa na majina ya wahusika.

Naomba radhi kwa kosa hili na kwa usumbufu uliowapata wafanyakazi.

Nawasilisha.»

Angalia kitenzi katika sentensi ya pili ya ujumbe: «nilikosea». Kiswahili cha ofisini kinatupa mahali pengi pa kujificha, na panapopendwa zaidi ni «kumetokea hitilafu», kana kwamba fomula ilijiandika yenyewe. Hitilafu ni ya umeme na mitambo. «Dosari ndogo» nayo haifai, kwa sababu ukubwa wa jambo hupimwa na msimamizi baada ya kuona takwimu, wala si na aliyekosea. Radhi iombwe mara moja, karibu na mwisho. Ikirudiwa kila aya, msomaji analazimika kukufariji badala ya kuamua.

Kama kuna mwenzako aliyekagua orodha hiyo, usimtaje kama mshirika wa kosa. Ikiwa ni kweli kwamba mistari mipya iliongezwa baada ya ukaguzi, andika tarehe mbili hizo na uishie hapo.

Jambo moja ningependa ulizingatie sana: usiahidi katika ujumbe huu kulipa hasara kutoka mfukoni mwako. Nimeona makarani vijana wakifanya hivyo kwa hofu, hata pale ambapo hapakuwa na hasara yoyote, kama katika mfano wetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 28, inaweka masharti kabla ya mwajiri kukata ujira kwa ajili ya hasara: sababu na kiasi vielezwe kwa maandishi, na mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga. Kukiri ulichofanya ni jambo moja, na kukubali deni ni jambo jingine. Vilevile ujumbe huu si barua ya kujieleza. Hiyo huandikwa pale unapotakiwa kufanya hivyo, na ukitakiwa, ujumbe wa tarehe 3 utakuwa kiambatisho chako cha kwanza.

Usianze kulipa wala kuwatangazia wafanyakazi kabla ya idhini, isipokuwa yule aliyeuliza, ambaye anastahili kuambiwa kwamba swali lake ni la haki na linashughulikiwa. Muda uliouomba ukipita bila jibu, nenda ofisini kwake. Usitume ujumbe wa pili. Malipo yakishafanyika na ritani ikishawasilishwa, jibu katika mfululizo uleule wa barua pepe, ukiambatisha orodha ya nyongeza yenye mhuri wa benki na nakala ya ritani, na ueleze kwamba kuanzia mwezi huu orodha itakaguliwa na mtu wa pili baada ya mistari yote kuongezwa.