Somo: Kulipeleka dau kwa kasi moja kwenye mstari uliopinda

Wengi mnaochora ramani zinazotembea mnalalamikia jambo moja: dau linatoka Nungwi likijikokota, likifika katikati linachomoka kama limefungwa mashine. Kompyuta haina kosa. Mnaongeza t, namba inayoonyesha dau lipo wapi kwenye njia, kwa hatua sawa, lakini hatua sawa za t si masafa sawa ya njia.

Tuchukue njia x = t, y = t², t ikitoka 0 hadi 2. Kasi yake ni √(1 + 4t²): mwanzoni 1, mwishoni 4.12. Njia nzima ina urefu wa 4.65, ila t ikifika 1, yaani nusu ya muda, dau limekwenda 1.48 tu. Halijafika hata theluthi.

Dawa ni kuliongoza dau kwa s, urefu uliokwisha kupitiwa. Kwanza tengeneza jedwali la t na s: gawa t vipande vidogo, pima umbali kati ya nukta na nukta, jumlisha ukienda. Vipande 200 vinatosha kwa njia hii. Hapa natoa nukta tano tu za jedwali hilo ili muone:

t: 0, 0.5, 1, 1.5, 2
s: 0, 0.57, 1.48, 2.83, 4.65

Kisha usome jedwali kinyume. Nusu ya safari ni s = 2.32, ipo kati ya 1.48 na 2.83. Ukikadiria kwa mstari ulionyooka unapata t = 1.31. Kwenye Python, u ikiwa urefu unaoutaka:

```python
import numpy as np
t = np.interp(u, s_jedwali, t_jedwali)
```

Jibu sahihi ni 1.33. Ukitaka kulisogelea bila kuongeza vipande, tafuta urefu halisi hadi 1.31, uutoe kwenye 2.32, ugawe kwa kasi ya pale (2.80), kisha uongeze kwenye t. Mara moja tu, unafika 1.33.

Jaribio: pima umbali wa dau kati ya picha na picha. Umbali huo ukibadilikabadilika, vipande vya jedwali ni vichache mno. Kwenye kona kali umbali utapungua kidogo, kwa sababu unapima mkato badala ya njia yenyewe. Hilo si kosa.

Maalim, kwa nini tusitafute kanuni ya t moja kwa moja?
Kwa njia hii kanuni ya s ipo, lakini kuigeuza ikupe t hakuna njia nyepesi. Kwa duaradufu hata kanuni ya s yenyewe haiandikiki kwa hesabu za kawaida. Jedwali halijali.

Njia yangu ni x = t², y = t³, nikigawa kwa kasi programu inakatika.
Pale t = 0 kasi ni sifuri, unagawa kwa sifuri. Jirani na hapo baki na makadirio ya jedwali.

Mimi natumia digrii za longitudo na latitudo. Masafa hayatapotoka?
Kwetu huku, karibu nyuzi 6 kusini, digrii ya longitudo ni fupi kwa nusu asilimia hivi tu. Kwa picha ya dau, iache. Ukichora njia ya Istanbul, zidisha longitudo kwa kosaini ya latitudo kabla ya kupima.