Somo: Panga, Tenda, Pima, Rekebisha, na unachomwonyesha mkaguzi

Tukisikia mkaguzi wa ISO 45001, kiwango cha kimataifa cha usalama na afya kazini, anakuja, wengi wetu tunakimbilia faili la mafunzo na picha za mabango. Mkaguzi atazitazama, lakini kipengele cha 10.3 kinadai uboreshaji endelevu, na bango halithibitishi kwamba kuna hatari iliyopungua. Yeye hutafuta uzi mmoja. Huanzia kwenye rejista ya hatari, hupita kwenye lengo, kazi iliyofanyika, kipimo na uamuzi wa wakubwa, kisha hurudi kwenye rejista ileile aone kama imebadilika.

Leo tuuvute uzi mmoja tu, wa godauni la chai Shimanzi, Mombasa. Godauni na tarakimu zake ni za kufundishia. Hatari yenyewe mnaijua: foklifti inarudi nyuma, mtu anakatiza mlangoni.

1. Panga (kipengele cha 6)

Usiandike "hatari ya foklifti" ukaishia hapo. Andika wapi, nani na lini: "Mlango wa 2, makuli wanakatiza njia ya foklifti kati ya saa nne na saa saba mchana, dereva akiwa amebeba mzigo unaomziba macho." Kisha nenda kasimame pale nusu saa uhesabu. Katika mfano wetu walikatiza watu 42. Hiyo ndiyo namba ya kuanzia, na asiyekuwa nayo hana la kulinganisha baadaye, hata akifanya kazi ya maana kiasi gani.

Sasa uliza kwa nini wanakatiza. Ofisa asiyeuliza ataandika "uzembe" kisha aagize mafunzo. Makuli wenyewe watakwambia bomba la maji ya kunywa liko ng'ambo ya njia, na kwa joto la Februari chini ya mabati hakuna atakayezunguka godauni zima ili apate maji. Kipengele cha 5.4 kinataka wafanyakazi washirikishwe, kwa hiyo maneno yao yaingie kwenye kumbukumbu za kamati ya usalama. Lengo liandikwe hivi: kufikia mwisho wa Juni, wanaokatiza wasizidi 5 kwa nusu saa, na mhusika ni msimamizi wa godauni.

2. Tenda (vipengele vya 7 na 8)

Kipengele cha 8.1.2 kimepanga ngazi: ondoa hatari, badilisha kwa kitu chenye hatari ndogo, weka kinga za kihandisi, kisha taratibu na mafunzo, na mwisho kabisa vifaa vya kujikinga. Reflekta ambazo mabosi hupenda kununua ziko ngazi ya chini kabisa. Hapa bomba linahamishwa upande wa makuli, sababu kubwa ya kukatiza inakwisha, na reli za chuma zinatenga njia ya miguu. Kabla fundi hajachomelea, hakikisha reli hazizibi mlango wa dharura. Mabadiliko nayo huzaa hatari, ndiyo maana kuna kipengele cha 8.1.3. Piga picha kabla na baada ukiwa umesimama palepale.

3. Pima (kipengele cha 9)

Hapa ndipo mafaili mengi huanguka. Rudi Mlango wa 2 saa ileile, kwa nusu saa ileile, na uandike malori mangapi yalikuwa yakipakua. Chai ina msimu. Ukihesabu mara ya kwanza malori yakiwa manane na mara ya pili yakiwa mawili, umepima uchache wa kazi, na mkaguzi mzoefu ataomba daftari la getini alinganishe.

Malori yakiwa sawa, mfano wetu ulitoa 11. Lengo lilikuwa 5, kwa hiyo halikufikiwa. Liache lionekane hivyo. Uliza tu hao 11 ni kina nani: 2 ni makuli, 9 ni madereva na mautingo wanaokwenda ofisini kuchukua stakabadhi. Hawa hawakuwahi kuhusika na bomba.

4. Rekebisha (kipengele cha 10)

Kumfokea utingo ni kuzima moto wa siku hiyo. Kipengele cha 10.2 kinataka uondoe chanzo, na chanzo ni kwamba stakabadhi hutolewa ndani. Kwenye mapitio ya uongozi wakubwa wanaamua kufungua dirisha la kutolea stakabadhi upande wa maegesho. Kumbukumbu ziseme nani atafanya, kwa pesa ipi na lini. "Menejimenti imeipokea taarifa" si uamuzi.

Dirisha linafunguliwa, mnahesabu tena, wanabaki 3. Rejista inabadilishwa: kiwango kipya cha hatari, kinga mpya, tarehe. Kisha mnauliza kama Mlango wa 4 hauna tatizo hilohilo, kwa kuwa kipengele kinadai mtazame na kwingine.

5. Siku ya ukaguzi

Tengeneza ukurasa mmoja wenye tarehe: 42, bomba na reli, 11, dirisha, 3. Nyuma yake panga ushahidi. Kwa maoni yangu ile 11 ndiyo yenye nguvu kuliko zote, maana inaonyesha mlipima kweli na kipimo kikawasukuma kuamua. Baada ya hapo mkaguzi atashuka chini kumwuliza dereva wa foklifti nini kimebadilika. Akikuta reli imegongwa na kufungwa kwa waya, ukurasa wako mzuri hautasaidia, kwa hiyo ukaguzi wa reli uwe kwenye orodha ya kila wiki.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, tulipoweka fomu za nusura ajali, taarifa ziliruka kutoka 4 hadi 31 kwa robo mwaka. Bosi anasema tuzipunguze kabla ya ukaguzi.*

Usithubutu, ndugu yangu. Taarifa zimeongezeka kwa sababu watu wameanza kusema. Ziweke kando ya idadi ya waliojeruhiwa na ya taarifa zilizofanyiwa kazi. Taarifa 31 zenye hatua 28 zinaeleweka. Kinachotia shaka ni taarifa kushuka ghafla mwezi mmoja kabla ya mkaguzi kufika.

*Shikamoo mwalimu. Sheria ya Kenya ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inatutaka tufanyiwe ukaguzi wa usalama kila miezi kumi na miwili na mshauri aliyeidhinishwa. Je, huo hautoshi kuwa ukaguzi wa ndani?*

Marahaba dada. Peke yake hautoshi. Ule unatazama mahali pa kazi kwa jicho la sheria, na ripoti yake ni ushahidi mzuri wa kutimiza sheria. Ukaguzi wa ndani wa kipengele cha 9.2 unatazama mfumo wenyewe: malengo yalifuatiliwa? Hatua zilizofungwa zilipimwa kama zimefanya kazi? Mapungufu ya mshauri yaingize kwenye rejista ya hatua za kurekebisha, usiyaache yalale kwenye ripoti.

*Sisi ni karakana ndogo Miritini, watu 12. Makaratasi yote haya tutayaweza?*

Kamati kisheria inaanzia wafanyakazi 20, lakini kiwango bado kinataka muwashirikishe watu wenu, hata kwa kikao cha asubuhi chenye daftari. Mnaweza kuuandika mzunguko wote kwenye jedwali moja: hatari, namba ya kuanzia, hatua, namba ya baadaye, uamuzi. Kumbukumbu za matukio, ukaguzi wa ndani na mapitio ya uongozi zisikose, hata kama kila moja ni ukurasa mmoja.

*Tukifunga hatua leo, kipimo cha kuthibitisha tukifanye baada ya muda gani?*

Subiri kazi ipitie hali yake ya kawaida, na ile ngumu pia. Kwa godauni la chai, hesabu moja iwe siku malori yamejaa. Tarehe hiyo ipange siku unapofungua hatua, na aliyetekeleza asiwe peke yake kwenye kuhesabu.